Presha 82 kwa 50

Aliletwa jioni, dereva wa lori mwenye miaka 52. Pumzi haikumtosha tangu asubuhi, na kila akivuta hewa ndani, ubavu wa kulia ulichoma. Wiki nne kabla alikuwa ameanguka na pikipiki, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mguu wa kushoto, akafungwa plasta mpaka chini ya goti. Tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani, hata chakula aliletewa. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, presha 116 kwa 74, oksijeni asilimia 88 bila msaada. Eksirei ya kifua ilitoka safi, na hiyo ndiyo iliyonishtua. Mtu anahema vile, mapafu yanaonekana mazima: basi mtafute adui ndani ya mishipa ya damu.

Tulikata plasta. Shavu la mguu lilikuwa limevimba na kukaza, na maumivu yalipanda mpaka nyuma ya goti kila nilipobonyeza juu ya mshipa.

Kabla ya kuagiza kipimo chochote nilimwomba daktari intani ahesabu kwa sauti alama za Wells, zinazopima uwezekano wa donge la damu kwenye mapafu. Dalili za damu kuganda mguuni, 3. Hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea hali hii vizuri kuliko donge la damu kwenye mapafu, 3 nyingine. Mapigo zaidi ya 100, alama 1.5. Kulala kitandani siku tatu au zaidi, 1.5. Hakuwa akikohoa damu, hakuwa na saratani, wala hakuwahi kuganda damu kabla. Jumla 9. Mpaka ni 4: ukivuka hapo, donge linahesabika kuwa na uwezekano mkubwa.

Akauliza, "Dokta, nitume D-dima?"

Nilimwambia asitume. D-dima ni mabaki ya damu iliyoganda na kuanza kuyeyuka, nayo hupanda kwa mfupa uliovunjika, kwa upasuaji, kwa ujauzito, kwa maambukizi. Kwa huyu ingepanda tu, isitufundishe kitu. Na kama ingetoka chini, kwa alama 9 nisingeiamini kiasi cha kumrudisha nyumbani. Kazi ya kipimo hiki ni kumwondolea mashaka mtu ambaye alama zake ni 4 au pungufu: ikiwa chini ya 500, unaweza kuacha kumpiga picha. Kwa aliyevuka miaka 50 unazidisha umri wake kwa 10, hivyo mzee wa miaka 70 mpaka wake ni 700. Nimeona D-dima ikitumwa kwa kila anayelalamika kifua, kisha watu wanakimbizana na majibu yaliyopanda bila sababu ya maana.

Kipimo chake kilikuwa CT ya mishipa ya mapafu yenye dawa ya rangi, lakini mashine ilikuwa hospitali nyingine, safari ya saa kadhaa. Uwezekano ukiwa mkubwa namna hii, dawa ya kuzuia kuganda haisubiri picha. Alikuwa na kilo 80, figo zake nzima. Saa 2 usiku akachomwa enoksaparini miligramu 80 chini ya ngozi ya tumbo, yaani miligramu moja kwa kila kilo. Halafu tukafanya kilichowezekana pale pale kitandani. Kwa altrasaundi nilibonyeza mshipa wa vena nyuma ya goti. Vena yenye afya hubanwa ikapotea kabisa, hii haikubanika. Donge la namna hiyo kwa mtu mwenye dalili zake linatosha kuthibitisha na kutibu. Moyoni, chumba cha chini cha kulia kilikuwa kimetanuka kikalingana na cha kushoto, na ukuta kati yao ulisukumwa kuelekea kushoto.

Daktari intani alipoona hivyo alitaka tutoe dawa ya kuyeyusha donge papo hapo. Nilimwelewa, lakini presha ilikuwa bado imesimama. Utafiti wa PEITHO, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachukua wagonjwa wa aina hii hasa: moyo wa kulia umeelemewa, presha bado nzuri. Waliopewa tenekteplesi, dawa ya kuyeyusha donge, hawakuporomoka presha mara nyingi kama wenzao, lakini kiharusi kiliwapata asilimia 2.4 yao, dhidi ya 0.2 kwa waliopewa heparini, dawa ya kuzuia kuganda, peke yake, na vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kwa hiyo tulimweka karibu na meza ya wauguzi, presha kila dakika 15.

Saa 8 usiku muuguzi aliniita. 82 kwa 50, mikono ya baridi, mgonjwa anajibu kwa shida. Mililita 250 za drip hazikubadilisha kitu, na sikuongeza. Chumba cha kulia cha moyo kina ukuta mwembamba. Kikikutana na mlango uliozibwa kinavimba na kukibana cha kushoto, na maji zaidi yanakivimbisha zaidi. Tulianza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Dakika 15 zilipita, presha ikawa bado chini ya 90. Hapo hesabu iligeuka: hatari ya kufa na donge ilikuwa imeipita hatari ya kuvuja damu.

Yalibaki maswali ambayo hayarukwi hata saa kama hiyo. Mke wake alisema alivaa helmeti, hakugonga kichwa wala kuzimia. Hakuwahi kupata kiharusi, hakuwa na uvimbe wa ubongo, hakutapika damu wala kupata choo cheusi. Ajali ilikuwa imevuka wiki tatu. Enoksaparini ya saa sita nyuma iliongeza hatari ya kuvuja, lakini haikuwa kizuizi. Hakuwahi kupewa streptokinesi, dawa ya kuyeyusha donge tuliyokuwa nayo, jambo la lazima kuuliza, kwa kuwa mwili ulioizoea unaweza kuikataa kwa nguvu. Nilimwambia mke, "Mama, dawa hii inaweza kumvujisha damu kichwani. Tusipompa, naona anatutoka." Akasema tumpe.

Alteplesi, nayo ya kuyeyusha donge, haikuwepo, ingekuwepo angepata miligramu 100 kwa saa mbili. Tuliweka kwanza laini mbili za mishipa, maana baadaye kila tundu la sindano huvuja, na sindano za msuli zikakatazwa. Streptokinesi uniti milioni 1.5 zilipangwa ziingie kwa saa mbili. Baada ya dakika 20 presha ilishuka tena, 74. Dawa hii yenyewe hushusha presha ikienda kasi. Tulipunguza mwendo bila kuisimamisha, tukapandisha noradrenalini, ikarudi. Kila dakika 10 tuliangalia fahamu, usemi na mboni za macho. Kama angechanganyikiwa au kuumwa kichwa ghafla, drip ingefungwa papo hapo.

Ilipokwisha, karibu saa 11 alfajiri, mapigo yalikuwa 98 na presha 108 kwa 70 kwa noradrenalini kidogo. Alivuja damu kwenye tundu moja la mkono, tukalibana kwa dakika nyingi. Heparini ya mshipani ilianza saa 2 asubuhi, saa 12 kamili tangu enoksaparini, bila dozi ya kwanza ya mkupuo.

CT ilifanyika siku kadhaa baadaye, alipoweza kusafiri. Ilionyesha mabaki ya madonge pande zote mbili, na chumba cha kulia cha moyo kimeanza kunywea. Kwa kuwa chanzo kilikuwa mguu uliofungwa, alipangiwa vidonge vya kuzuia kuganda kwa angalau miezi mitatu, kisha kliniki. Nilimwandikia kwenye kadi swali la kuulizwa siku hiyo: je, akipanda ngazi bado anahema? Akisema ndiyo, apimwe moyo upya kwa altrasaundi, kwa sababu madonge yasiyoyeyuka yanaweza kubaki kama makovu na kupandisha presha ya mapafu moja kwa moja.