Nilivyotuma ujumbe wangu wa kwanza wa uchokozi wa kimapenzi baada ya miezi ya salamu tupu

Mimi ni mtu wa haya, na kwa miezi mingi kati yangu na binti ninayepanda naye basi moja kwenda kazini Mtumba hapakuwa na lolote zaidi ya "za asubuhi" na "nzuri, za kwako". Wenzangu ofisini walipojua, kila mmoja alinipa ushauri wake, na karibu wote ulikuwa mbaya. Mmoja alinitumia ujumbe uliopambwa maua, wenye maneno "malkia wangu", akaniambia niupeleke kama ulivyo. Mwanamke yeyote Dodoma hii ameshapokea ujumbe wa namna ile, na anajua kwamba aliyeutuma angeweza kumtumia mtu mwingine bila kubadilisha hata nukta. Mwingine alinishauri nianze na "mambo" kisha nisubiri. Lakini atajibu "poa", na hapo tumerudi kwenye salamu zilezile, tofauti ni kwamba sasa ziko kwenye simu.

Nilichokifanya mimi ni kutafuta kwanza jambo lililo letu wawili. Salamu nikawa naiongezea sentensi moja, leo kuhusu upepo wa Julai, siku nyingine kuhusu basi kuchelewa, nami nikisikiliza atakachokishika. Hali ya hewa hakuishika. Alichokishika ni zabibu: alilalamika kwamba alinunua kilo nzima pale soko la Majengo, rangi nzuri kabisa, kufika nyumbani zikawa chungu. Kwetu tuna shamba la mizabibu Mpunguzi, kwa hiyo nilimweleza kwamba zabibu ikishakatwa haiendelei kuwiva kama ndizi, na kwamba anayenunua aombe kuonja punje ya chini kabisa kwenye kishada, kwa kuwa ncha ndiyo huchelewa kupata sukari. Alicheka, akasema atanilaumu mimi zikiwa chungu tena. Hapo nikamwomba namba ili nimjulishe mavuno ya kwetu yatakapoanza, naye akanipa mwenyewe. Ninalisisitiza hilo, kwa sababu niliwahi kushauriwa niichukue kwa kondakta, na namba iliyopatikana kwa mlango wa nyuma humfanya mtu aogope kabla hajasoma neno hata moja.

Mavuno yalipofika sikukimbilia kutuma. Ujumbe niliuandika kwenye daftari, nikausoma kwa sauti, nikafuta kila sentensi ambayo nisingeweza kuitamka mbele yake pale kituoni. Neno "dada", ambalo nilikuwa nalitumia kila asubuhi, nililiacha nikaanza kwa jina lake, kwa maana ukimwita mtu dada halafu ukamtania kimapenzi, unampa kazi ya kuamua ni lipi kati ya hayo unalolimaanisha. Kilichobaki, ukiliondoa jina lake, ni hiki:

"Habari za jioni. Zabibu za Mpunguzi zimewiva, na kuna kishada nimekiweka kwa ajili yako. Punje ya mwisho nimeionja mwenyewe ili usinilaumu. Nikuletee kesho kituoni? Nakiri zabibu ni kisingizio, ninachokitaka ni maongezi marefu kuliko salamu."

Ninajivunia jinsi ujumbe ule ulivyokaa. Una sehemu mbili, na anayeupokea anaweza kuijibu moja tu bila kumvunjia mtu heshima. Kama angejibu "asante, niletee" na kukinyamazia kile kisingizio, ningekuwa nimepata jibu langu: ningempelekea zabibu zake kwa moyo mweupe, tukaendelea kusalimiana, na kituo kisingekuwa mahali pa kukwepana. Kwa mtu mwenye haya hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana kesho yake asubuhi mtasimama tena pamoja. Pia nilihakikisha kuna swali moja jepesi, kwa sababu sifa tupu humwacha mtu bila la kusema zaidi ya "asante".

Niliutuma mnamo saa mbili usiku, wakati watu wengi wameshapumzika kidogo na hawajalala. Ujumbe uleule ukiingia saa tano usiku husomeka kwa maana nyingine kabisa. Alama za kusomwa zilibadilika kuwa za buluu na kwa muda hakukuwa na jibu. Ushauri wa jamaa ulikuwa nitume "?" au "upo?", lakini mtu anayefikiri hahimizwi, kwa hiyo nikaiweka simu chaji nikaenda kuoga.

Jibu lilikuja: "Zabibu nitakula. Kisingizio nimekielewa. Wahi kesho, tusije tukapitwa na basi tukiongea."

Yeye ndiye aliyekirudia kile kisingizio, tena akaongeza maneno ya kwake kuhusu kesho. Nilimjibu kwamba saa kumi na mbili na nusu nitakuwa pale, nikaishia hapo, ili yaliyobaki tuyazungumze tukiwa tumesimama pamoja. Asubuhi ile tulipitwa na mabasi mawili.