Nilivyoielewa ile 2 chini ya q ya nitrojeni

Joto likiwa kubwa, jumla ya mgawanyo ya mzunguko kwa molekuli ya atomi mbili ni q = T/(σθ). Hapo θ ni joto bainishi la mzunguko, na σ ni namba ya ulinganifu: 1 kwa CO, 2 kwa N₂. Nilifundishwa kwamba ukiigeuza nitrojeni nyuzi 180 inabaki vilevile, kwa hiyo tunagawa kwa 2 tusije tukahesabu mara mbili. Maelezo hayo hayakunitosha. Fomula yenyewe inatokana na kujumlisha hali za J, namba ya kwanta ya mzunguko, na kwenye jumla ile sikuona kilichohesabiwa mara mbili.

Nikaamua kuijumlisha mwenyewe kwenye lahajedwali. Safu A niliweka J kuanzia 0 hadi 40, safu B fomula hii, kwa θ ya nitrojeni ambayo ni 2.88 K:

```
=(2*A2+1)*EXP(-A2*(A2+1)*2.88/298.15)
```

Jumla yote ilitoka 103.9, na T/θ ni 103.5, kwa hiyo fomula ya joto kubwa iko sawa kabisa. Kisha nikatenganisha J shufwa na J witiri. Kila upande ulitoa 51.9. Hapo ndipo nilipoiona ile 2.

Viini viwili vya ¹⁴N ni sawasawa, na kila kimoja kina spini 1. Hali zao za spini ni 9: 6 zinaruhusu J shufwa tu, 3 zinaruhusu J witiri tu. Hakuna hali ya spini inayopata ngazi zote za J. Kila moja inapata nusu ya jumla. Kwa hiyo q ni 9 × 103.9/2, na ile 9 ya spini huachwa kwa desturi. CO haina sharti hilo kwa sababu viini vyake ni tofauti.

Kipimo kizuri ni entropi. CO na N₂ zina uzito karibu sawa, na θ ya CO ni 2.78 K. Tofauti inayotarajiwa ni R ln 2, yaani 5.76, pamoja na 0.29 ya θ: jumla 6.05 J kwa moli kwa kelvini. Majedwali yanatoa 197.7 kwa CO na 191.6 kwa N₂. Bila σ, tofauti hiyo isingeelezeka.

Nikarudia kwa hidrojeni, ambayo θ yake ni takriban 87.6 K. Kwa 298 K, T/θ ni 3.40 ilhali jumla halisi ni 3.76, pungufu ya asilimia 9. Lakini shufwa na witiri bado zinakaribiana, 1.88 na 1.87. Kwa 50 K shufwa ni 1.00 na witiri 0.09. Nusu hazipo tena, na kugawa kwa 2 hakuna maana. Hapo kila kundi la spini lazima lijumlishwe peke yake.