Mama mkwe mkekani, mimi kitini

Kwetu Mombasa mkubwa haanzi kusalimu. Mdogo huanza: shikamoo, unaubusu mkono, basi. Nilipoalikwa kwa kina mchumba wangu, kijijini karibu na Masaka, Uganda, nilidhani kilichobaki ni kuongeza Kiganda kidogo tu.

Aliyenifungua macho ni shangazi yake, ambaye Waganda humwita ssenga. Kwa mila yao huwaendei wazazi moja kwa moja. Unaonekana kwanza kwa ssenga, naye ndiye anayekuombea njia. Akaitazama kanzu yangu akauliza koti liko wapi. Kanzu bila koti, alisema, ni ya msikitini. (Nilitaka kumwambia kanzu yenyewe waliipata kwa Waswahili. Nikameza.) Kisha akashusha sauti: "Mama yake usimguse, hata mkono." Baina ya mkwe na mama mkwe kuna mwiko uitwao obuko, na mtu aliyeuvunja husemwa atapata ugonjwa wa kutetemeka, nao pia huitwa obuko.

Tulifika saa tisa alasiri. Mlangoni ulimi ulishaanza "Shika...", mchumba akanivuta kanzu. Nikavua viatu, nikaonyeshwa kiti, nikakaa kimya. Yeye na ssenga wakakaa mkekani. Baba ndiye aliyeanza: "Kulika ekkubo," yaani pole na njia. Nikajibu, "Awo." Hapo ndipo zamu yangu ilipofika: "Musiibye mutya, ssebo?" yaani mmeshindaje, bwana? Hiyo *mu* ni ya wingi, ingawa mzee alikuwa peke yake. Ningesema "Osiibye otya" ningekuwa namsalimu kama rika langu.

"Bulungi," vizuri, akajibu, akauliza hali za nyumbani kwetu. "Gyebali," wapo. Akaguna, "Mmm." Mimi nikadhani tumemaliza, nikaanza kueleza kazi yangu. Mchumba akakohoa. Mzee akaguna tena, polepole, akinisubiri nami nigune. Tuligunana hivyo mara tatu au nne, hadi alipobadilisha sauti na kuuliza kama mvua ilitukuta njiani. Kumbe hapo ndipo salamu ilipoishia.

Kisha mama akaingia. Alipita kandokando ya ukuta, akapiga magoti kwenye mkeka mbali nami, uso kauelekeza mlangoni, akanisalimu yeye kwanza. Mtu mzima, makamo ya mama yangu, yuko chini, na mimi nimekaa kitini! Magoti yalitaka kuninyanyua yenyewe. Lakini ssenga alishanionya: nikisimama nitamfanya naye ainuke akimbie. Nikainama pale pale, macho sakafuni, nikasema, "Bulungi, nnyabo. Musiibye mutya?" Sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa.

Chakula aliniletea kaka wa mchumba. Mama nilimsikia tu jikoni akimnong'oneza ssenga, wote wawili wakacheka. Njiani nikauliza alisema nini.

"Ameuliza kwa nini mgeni alikaa kitini kama anataka kutoroka."