Ankara mbili za lori moja

Wakati huo nilikuwa nasimamia shifti ya asubuhi katika ofisi ya mizigo Malaba, upande wa Uganda. Usiku ankara ziliandaliwa na roboti, yaani programu tu iliyosoma hati za kila lori, ikajaza ankara na kuituma kwenye mfumo wetu. Asubuhi mimi nasoma logi yake, yaani orodha ya kazi ilizofanya, natia sahihi.

Siku moja akaingia Hajati, mteja wetu wa vitenge, simu mkononi. "Mwanangu, lori langu ni moja. Mbona mnanidai mara mbili?"

Kweli, ankara zilikuwa mbili, namba tofauti, pesa zilezile. Nikafungua logi: kazi ya lori lake ilikuwa na mstari mmoja, imekamilika. Kwa logi ile, Hajati ndiye mwongo.

Kijana wetu wa kompyuta akaenda kuangalia upande wa seva. Huko ankara ya kwanza iliingia 21:14:09 na ya pili 21:14:39. (Saa za UTC hizo, kwetu unaongeza saa 3, kwa hiyo ilikuwa saa sita usiku imepita, watu wote wamekwenda kulala.) Seva ilikuwa imeipokea ya kwanza na kuihifadhi, ila jibu likachelewa. Roboti ikangoja sekunde 30, ikaona kimya, ikatuma tena. Na kwa vile logi iliandikwa kazi ikiisha salama tu, jaribio la kwanza halikuacha hata alama.

Kijana akabadilisha: mstari mmoja uandikwe kabla ya kutuma, mwingine baada ya matokeo.

```
{"kazi":"K-118","jaribio":1,"tukio":"kuanza"}
{"kazi":"K-118","jaribio":1,"tukio":"mwisho","hali":"haijulikani"}
```

Kwenye hiyo hali tulibishana. Yeye alitaka iandikwe imeshindwa. Nikakataa, kwa sababu kukosa jibu si ushahidi kwamba ankara haikufika, na anayesoma asubuhi akiona imeshindwa ataituma upya. Tukakubaliana pia namba ya kazi iende pamoja na ankara. Seva ikiiona mara ya pili, irudishe ankara ileile badala ya kutengeneza mpya.

Tangu hapo nilianza na mistari ya kuanza isiyo na mwisho, kisha zile zenye hali ya haijulikani. Ndipo nachukua chache zilizokamilika, nazilinganisha na karatasi za dereva. Hii ya mwisho wenzangu waliiona kupoteza muda, mpaka nilipokuta mzigo wa tani 28 umeandikwa tani 23: karatasi ilikuwa na mkunjo juu ya tarakimu ya pili. Mistari yake yote miwili ilikuwa safi kabisa. Logi ilisema kweli roboti ilituma nini, ilichosoma haikusema. Nikamwomba kijana aongeze, kwa kila kazi, kipande cha picha ya mahali namba ilipotolewa.