Sindano fupi kwenye paja nene

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliletwa zahanati kwetu, kandokando ya ziwa kule Kayenze, amepakiwa mshikaki kwenye bodaboda. Nyuki walikuwa wamemvamia chini ya mwembe. Midomo imevimba, vipele mwili mzima, kifua kinapiga filimbi. Huo ni mzio mkali, na hapo hakuna mjadala: adrenalini kwenye paja, mara moja.

Nilisoma ampuli: miligramu 1 kwa mililita 1. Kwa mtu mzima tunachoma nusu mililita. Nikavuta, nikatoa hewa, nikamketisha kitandani miguu imenyooshwa mbele maana kulala chali kulimzidishia kukosa pumzi.

Mahali pa kuchoma nilipapata vizuri. Unaweka kiganja kimoja chini ya mfupa uliotokeza pembeni ya nyonga, kingine juu ya goti, kisha unachoma katikati ya nafasi iliyobaki, upande wa nje kuelekea mbele. Upande wa ndani usiuguse, kuna mishipa mikubwa ya damu.

Kosa langu lilikuwa sindano. Nilichukua ya bluu iliyokuwa karibu, ya milimita 25. Kwa wavuvi wetu wengi wembamba inatosha kabisa, ila mama huyu alikuwa na paja lililojaa. Tena, kwa haraka, nikaibana ngozi kwa vidole. Kwa mtu mwembamba kubana kunakusanya msuli. Kwa mnene unainua mafuta tu, na msuli unabaki mbali zaidi. Dawa ikiishia kwenye mafuta inaingia kwenye damu polepole, na mtu wa namna ile hana muda wa kusubiri.

Nikatazama saa. Dakika 5 zikapita, filimbi ile ile, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na mkono umeanza kuwa wa baridi.

“Sista, mbona hapati nafuu?” mwanawe akauliza.

“Namrudia, mwanangu. Mshikilie mgongo.”

Safari hii nikachukua ya kijani, milimita 38, paja la pili. Nikamwambia alegeze mguu, goti nikalikunja kidogo, maana msuli uliokakamaa unauma zaidi. Ngozi nikaivuta ikanyooka na kukandamizika badala ya kuibana. Nikachoma wima, nyuzi 90, kwa mkupuo mmoja, nikasukuma dawa taratibu, nikachomoa kwa mstari ule ule. Pamba kavu, nikabonyeza bila kusugua. Sindano ikaenda moja kwa moja kwenye sefti boksi bila kurudishiwa kifuniko. Wengi wetu tumejichoma hapo hapo kwenye kufunika.

Siwezi kuapa kuwa ni urefu peke yake uliosaidia, kwani wapo wanaohitaji dozi ya pili hata ya kwanza ikiingia sawasawa. Lakini dakika chache baadaye kifua kilitulia. Tulimbakiza chini ya uangalizi, kwa sababu hali hii huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Sauti ilipomrudia, aliuliza ndoo yake ya dagaa ameachiwa nani.