Uzi wa tatu, kivukoni Likoni

Mwezi wa Agosti mwaka 2003, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa mpiga chupa wa mjomba wangu pale Likoni, Mombasa, upande wa bara. Nilikuwa na miaka 14. Kazi yangu ilikuwa chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjomikunjo, na msumari wa inchi 4. Ukiukwaruza msumari kwenye ile mikunjo na kuigonga shingo ya chupa kwa zamu, unapata mlio unaoibeba gitaa kama ngoma ndogo. Huko Butere alikotoka mjomba, gitaa kavu bila chupa watu huona kama limekuja nusu.

Tulikaa kando ya njia inayoteremka kwenda feri. Mjomba aliichagua sehemu ile kwa hesabu. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, kwa hiyo hujaa maelfu, na feri ikiwa upande wa kisiwani hawana la kufanya ila kungoja. Feri ikitia nanga, hushuka kwanza waliokuja nayo, kisha geti hufunguliwa na umati huanza kuteremka mbio. Watu hutoa sarafu wakati huo wa kuondoka, wala si wakati wa kusikiliza. Wimbo ukiisha mapema, watu husahau. Ukikatikia njiani, huondoka wakiwa wamekasirika kidogo. Ulitakiwa uwe kwenye moto wake hasa geti linapofunguliwa.

Mjomba alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, mtindo ambao wazee wa rika lake waliupata kwa wapiga gitaa kina Mwenda wa Bayeke wa Katanga, kwenye santuri na redio. Gumba hutembea kwenye nyuzi nene tatu za juu bila kusimama, na kidole cha shahada huimba kwenye nyembamba tatu za chini. Shingoni mwa gitaa alifunga penseli kwa mpira wa ndani ya baiskeli, kwenye freti ya pili, vile vichuma vinavyokingama shingo, ili gitaa lipande hadi kwenye sauti yake.

Adui yetu alikuwa chumvi. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini mchana kutwa, na ukilamba midomo unaionja. Nyuzi zile ni chuma, na jasho la kiganja likikutana na chumvi hiyo, kutu haikawii. Kila jioni nilitakiwa nizipanguse kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi, nikiinua uzi mmoja mmoja ili nifike chini yake, maana kutu huanzia huko usikokuona. Jioni mbili mfululizo sikuzipangusa. Nilikuwa nimekwenda kutazama mpira.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Feri ilikuwa imeshafika katikati ya mlango wa bahari, na mjomba alikuwa anaingia ubeti wa tatu wa wimbo wake mwenyewe kuhusu mwanamke aliyengojwa kituo cha basi hadi taa zikawaka. Nilisikia kishindo kama cha kijiti kikavu. Uzi wa tatu, kuhesabu kutoka ule mwembamba wa chini kabisa, ulikuwa umekatikia pale unapopinda kuingia kwenye daraja la gitaa, ukaruka na kumchapa mjomba juu ya kifundo cha mkono. Niliona mstari mwekundu ukijichora pale pale.

Mimi nikanyamaza. Chupa ikabaki mkononi. Kumbe hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko uzi wenyewe, kwa sababu gumba lake halikuwa limesimama. Besi ilikuwa inaendelea, peke yake, kama mtu anayetembea gizani. Mjomba hakunitazama. Alichukua mstari wa ubeti na kuyabadilisha maneno, kwa sauti ile ile na kwa lahani ile ile: "Ewe mjomba wangu mdogo, chupa isilale, bado tuko njiani." Watu wawili watatu wakacheka wakidhani ni sehemu ya wimbo. Nikaanza tena kukwaruza.

Gitaa lilikuwa limeharibika kwa namna mbili. Kwanza, uzi mmoja ukikatika, shingo hupumua: ule mvuto uliokuwa unaikunja hupungua, na nyuzi zilizobaki hupanda kidogo. Kwenye gitaa la plaiwudi kama lile unasikia wazi. Alilirekebisha huku anapiga. Gumba likawa linagonga besi kwenye nyuzi zilizo wazi, na mkono wa kushoto, ukiwa huru kwa pigo mbili, ukakimbilia kichwani kwa gitaa kulegeza uzi wa pili kidogo.

Pili, lahani ya ubeti ule iliishi karibu yote kwenye uzi wa tatu. Noti zake mbili kubwa hazikuwa na mahali pengine pa karibu. Zilikuwepo kwenye uzi wa nne, freti ya tano na ya saba kuhesabu kutoka kwenye penseli, lakini uzi wa nne ulikuwa mali ya gumba. Basi akalihamisha gumba likabaki na nyuzi mbili nene tu, ya tano na ya sita. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akakilaza juu ya hizo mbili kwenye freti ya tatu, cha pete kikaenda ya tano, na kidole kidogo kikanyooka hadi ya saba. Niliuona mkono ule ukitetemeka. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, vya mtu aliyepakua mizigo bandarini miaka mingi.

Ikabaki noti moja ya juu, kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili, ambayo mkono ukiwa umekaa vile hauwezi kuifikia. Kila ilipofika zamu yake, mjomba aliipiga mluzi.

Feri ikagonga ukingo. Geti likafunguliwa. Wimbo ulikuwa bado unatembea, umekuwa mzito zaidi, gitaa likiimba chini kwa sauti ya mwanamume na mluzi ukidondokea juu yake. Kofia yetu ilipata sarafu kama siku nyingine yoyote ya Ijumaa. Mama mmoja mwenye kikapu cha samaki aliweka noti ya shilingi 50, akateremka bila kusema neno.

Jioni, nyumbani, mjomba aliniwekea uzi uliokatika kiganjani. Ule waya wa shaba unaozungushiwa ulikuwa umefumuka, na ndani yake moyo wa chuma ulikuwa mwekundu kwa kutu, mwembamba kama unywele. "Pitisha ukucha chini ya hizi nyingine," akaniambia. Nikapitisha. Kwenye uzi wa nne ukucha ulikwama mara mbili, pale unapogusana na freti. "Huo ndio unaofuata," akasema. Hakuongeza jingine, na sikulala vizuri.

Nilimwambia niende kwa fundi baiskeli nikaombe waya wa breki tuufumue, kama wengi walivyofanya. Akatikisa kichwa. Unyuzi mmoja wa breki unafaa kwa uzi wa kwanza. Kwa wa tatu ni mwembamba mno, utalegea na kugonga freti. Seti mpya ilikula mapato ya siku mbili, kwa hiyo alipiga kwa nyuzi tano hadi Jumanne.

Jumanne tukafunga seti mpya yote, na nikaipangusa jioni ile hata kabla haijashika jasho. Uzi wa tatu ulikuwa unang'aa. Lakini alipofika kwenye ubeti wa yule mwanamke wa kituo cha basi, mkono wake wa kushoto ulipanda tena uzi wa nne, kidole kidogo kikanyooka hadi freti ya saba, na mluzi ukaingia pale pale. Hivyo ndivyo alivyoupiga hadi nilipoacha chupa na kurudi shule.