Nywele zilizoanguka wiki ya tatu

Upara wangu ulianzia utosini, kama wa baba na ami zangu, na nilikuwa nikiuhisi kila nikipitisha mkono kichwani wakati wa udhu. Nikiwa na miaka 34, hapa Wete, nikaanza dawa ya upara iitwayo minoksidili, ya maji ya asilimia 5: mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, kwenye ngozi ya kichwa kikavu. Inatakiwa ikae kama saa 4 bila kuoshwa, basi nikaifuatanisha na sala. Nikishasali alfajiri naipaka, hadi adhuhuri imeshaingia. Usiku naipaka baada ya isha na kungoja ikauke ndipo nilale, maana tunafuga paka, na dawa hii ikimgusa paka hata kidogo inaweza kumuua.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kupukutika. Asubuhi moja nilihesabu 23 ndani ya kofia yangu nyeupe. Mke wangu akasema, "Baba watoto, dawa gani hii inayokumaliza?" Nilitaka kuitupa. Nikaenda kwanza kwa mfamasia, akachukua unywele mmoja akaushika kwenye mwanga. Mwishoni ulikuwa na kinundu cheupe.

"Huu ulikuwa umeshamaliza kukua, unangoja kuanguka tu," akanambia. "Dawa imeliamsha shina, unywele mpya unausukuma wa zamani. Ngozi ikivimba na kuwaka, au moyo ukienda mbio, hapo acha uende hospitali."

Kupukutika huku kwa kawaida huja ndani ya miezi 2 ya mwanzo na kukoma baada ya wiki chache. Kwangu kulikoma wiki ya tisa. Mwezi wa tatu sikuona kitu. Wa nne vikatokea vinyweleo laini, vyembamba kama vya mtoto mchanga, na kufika wa sita vilikuwa vimekolea hata kinyozi akauliza. Kila mwezi nilijipiga picha mlangoni, mwanga ule ule, na picha ya mwezi wa 12 ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Mapembe ya kwenye paji hayakurudi, dawa hii husaidia zaidi utosini.

Kisha nikakosea. Nikadhani nywele zimeshakuwa zangu, nikaacha. Kufika mwezi wa nne utosi ulikuwa wazi tena, na nilihuzunika kweli. Minoksidili haigusi homoni inayonyausha mashina. Inayashikilia tu muda wote unapoitumia. Ukiacha, ndani ya miezi kama 3 hadi 6 unarudi pale ambapo ungekuwa bila dawa.

Nimeanza upya, nimeupita msimu wa kupukutika mara ya pili, na sasa, kabla chupa haijaisha, nyingine iko kabatini.